Kidole Kilichofungua Akaunti

Kidole gumba changu cha kulia kina alama ya meno. Siyo ya mbwa. Ya mwenyekiti wetu.

Sisi ni wachuuzi wa kuku wa kienyeji pale Mtinko. Tulipoamua kuwa kikundi, mimi nikafanywa katibu kwa sababu naandika haraka, na wengine walikuwa wameshika kuku. Mwenyekiti akawa jamaa mmoja mnene, zamani alikuwa anachinja ng'ombe. Mhazini akawa mama mmoja mfupi, mkali kama pilipili. Usajili halmashauri tukapata, cheti tukapewa, tukapanda pikipiki kwenda benki Singida mjini.

Dada wa benki akapokea katiba, akapokea barua ya afisa maendeleo ya jamii na namba zetu za vitambulisho vya NIDA. Muhtasari wa kikao akausoma mara mbili.

"Hapa mmeandika mmekutana, mmefungua kwa sala, mmefunga kwa sala. Mmeamua nini?"

"Tumeamua kufungua akaunti, dada," nikamwambia. "Si unatuona tuko hapa?"

"Siwaoni kwenye karatasi. Katiba yenu inasema watia saini watateuliwa na kikao. Andikeni benki gani, nani watatia saini, na wangapi lazima wasaini pesa ikitoka. Wanachama wasaini mahudhurio. Mrudi."

Siku ya mnada tukaitana kikao nyuma ya matenga ya kuku. Mwenyekiti akaanza yeye.

"Nitasaini mimi na katibu. Mama abaki na kuweka hesabu, mwanamke na foleni za benki wapi na wapi."

Mama akasimama. Wote tulijua habari yake: kikundi chake cha kwanza mtu mmoja ndiye alikuwa anasaini, akatoa hela zote akahamia Manyoni na mke mpya. Mama alibaki na jogoo mmoja, naye akafa.

"Tutasaini watatu," akasema. "Wote watatu, au nachukua kuku wangu naondoka."

"Ondoka! Nani kakushika?"

"Unaogopa nini nikisaini, wewe bucha lisilo na nyama?"

Watu wakacheka. Hapo ndipo mama alipokosea, kumfanya mtu mnene achekwe mbele ya mnada. Mwenyekiti akapiga teke tenga, kuku wakatawanyika, akamkaba mama shingoni kwa kanga yake mwenyewe. Macho ya mama yakatoka. Hakuna aliyecheka tena.

Mimi ni mwembamba, sijui kupigana, ninajua kusema tu. Lakini mdomo wakati ule haukuwa na kazi. Nikaingiza mkono kwenye kanga nimpe mama nafasi ya pumzi, na mwenyekiti akaona kidole changu karibu na mdomo wake. Akang'ata. Nikasikia mfupa ukilia. Nikapiga kelele mpaka wachuuzi wa vitunguu wakaja.

Mama akapata pumzi moja, na moja ilimtosha. Akanyakua mzani wa kuning'iniza, ule wa chuma, akampasua nao jicho. Mwenyekiti akaanguka juu ya kuku wawili, wakafa pale pale. Akatukana kwa Kinyaturu tusi ambalo Kiswahili hakina.

Mama akasimama juu yake, koo lina alama nyekundu, mzani bado mkononi.

"Katibu, pigisha kura."

Nikapigisha, damu inachuruzika. Mikono ikanyooka yote isipokuwa ya mwenyekiti, nayo ilikuwa inashika jicho. Nikaandika kwa mkono wa kushoto: benki hii, watia saini mwenyekiti, katibu na mhazini, pesa haitoki bila saini zote tatu. Mwenyekiti alisaini wa mwisho. Mama alimshikia karatasi.

Benki, dada akatazama muhtasari.

"Hiki nini hapa pembeni?"

"Mchuzi wa kuku, dada."

Akanitazama, akamtazama mama shingoni, akamtazama mwenyekiti, jicho moja limefumba kama embe bovu. Akanipa mashine ya alama za vidole. Gumba likakataa. Nikalipangusa, likakataa tena.

"Weka cha shahada."

Kikakubali. Picha yangu ya NIDA ikatokea kwenye kompyuta, ya zamani, natabasamu nikiwa na vidole vizima.

Tukajaza saini za mfano, mmoja mmoja. Mwenyekiti akasaini nje ya mstari, dada akampa karatasi nyingine. Mama akasubiri nyuma yake mpaka akamaliza, ndipo akachukua kalamu.

Mpaka leo kutoa hela tunaenda mishikaki, pikipiki moja. Mimi naendesha, mwenyekiti katikati, mama nyuma. Hawasalimiani. Mkoba wa mama ukigonga kwenye matuta unalia chuma, na mwenyekiti anajisogeza mbele, ananibana kwenye tanki.

"Mwenyekiti, nafasi bado ipo nyuma," namwambia.

"Endesha, dogo."