Jibini Zilizopanda Kilima

Asubuhi ile niliondoka Rubaya bila mpango. Nilikuwa nimechoka kubebea wafanyabiashara mizigo, basi nikafuata barabara inayoshuka kuelekea ziwa. Tangu nilipoacha shule nikiwa mdogo, barabara ndiyo imekuwa mwalimu wangu, na haijawahi kunidai karo.

Harufu ya maziwa ya moto ndiyo iliyonisimamisha. Kando ya malisho palikuwa na kibanda cha mbao, na mbele yake mama mmoja alikuwa akibishana na motari, mwenye pikipiki ya kukodi. Kati yao palikuwa na gunia la jibini, zile duara za Masisi zenye ganda la manjano.

"Mama, patron amesha tuma feza," motari alisema. "Mesaje iko mu simu yako. Nipakie, mvula inakuja."

Simu yenyewe ilikaa ndani ya chupa ya plastiki iliyokatwa na kupigiliwa misumari kwenye mwimo wa mlango, mahali pekee pale chini ambapo mtandao ulifika. Ujumbe ulikuwa umeingia kweli, na kiasi kilichoandikwa kilikuwa sawasawa na bei mama aliyokubaliana kwa simu na mnunuzi, huyo patron. Lakini mama alipojaribu kufungua menyu ya pesa aone salio, ilikataa. Mtandao wa kwenye chupa ulitosha kupokea ujumbe tu.

"Tupande kule juu," alisema. "Rezo ya nguvu iko kwenye kilima."

"Mama, unaniona mwizi?"

"Wewe, hapana. Mesaje njo sijajua," alisema, yaani ujumbe ndio asioujua.

Aliniona nimesimama nikikodoa macho. Akanieleza, kana kwamba nimemuuliza, kwamba maziwa ya jibini zile ni ya majirani, wamempa kwa kumwamini, na zikipotea atawalipa kwa ng'ombe wake mmoja. Kisha akauliza, "Kaka, uko na kazi?"

"Sina, Mama."

"Sasa uko nayo. Beba."

Hakutaka kuacha jibini nyuma na pikipiki imesimama pale, kwa hiyo zilipanda nasi. Ng'ombe waliacha kula wakatuangalia: mama mbele na simu mkononi, mimi katikati na gunia kichwani, motari nyuma akilalamika kwamba katika maisha yake hajawahi kuona fromage ikipelekwa kutafuta rezo.

Juu, mama alituamuru tugeuke. Aliingiza namba yake ya siri, akasubiri, akasoma. Salio lilikuwa lile lile la jana. Akarudia. Lile lile.

"Labda imechelewa," motari alisema kwa sauti ndogo.

Mama akamwonyesha. Ujumbe wote wa malipo aliowahi kupokea ulikuwa umekaa pamoja, chini ya jina la huduma yenyewe. Huu wa leo ulikaa peke yake, na juu yake palikuwa na namba ya simu ya kawaida, kama ya mimi na wewe.

Akampigia yule mnunuzi, huku sauti ikisikika nje.

"Mama, njo rezo," alisema yule mtu. "Toa mali tu. Feza itafika mangaribi."

"Sawa, Papa. Fromage nayo itafika mangaribi. Rezo yake iko mubaya."

Simu ikakatwa. Mimi nilicheka hadi gunia likayumba. Motari hakucheka. Aliketi kwenye nyasi akatukana kwa Kifaransa na kwa Kilingala, maana yule mtu alikuwa amemkodi kwa simu tu, na nauli alimwahidi mzigo ukifika.

"Ni kweli, mwizi hakuwa mimi," alisema. "Mimi nilikuwa punda yake."

Mama alimtazama, akatazama mawingu. "Dada yangu anauzisha kule Kirotshe, kando ya barabara. Uko na moto," akaonyesha pikipiki kule chini, "niko na fromage. Twende. Nitakulipa kule, mu mukono."

Tulishuka watatu juu ya pikipiki moja, na gunia, na mvua ikatukuta njiani. Kirotshe sikuwa nimewahi kufika. Ziwa lilitokea ghafla chini yetu, jeupe kama maziwa. Kabla ya jioni dada mtu alikuwa ameuzia wasafiri nusu ya mzigo, motari akapata noti zake, na ndipo alipocheka kwa mara ya kwanza.

Mimi nililipwa jibini moja nzima. Yule dada alikuwa na chumba cha kupangisha nyuma ya nyumba, basi nikamwekea jibini yangu mezani iwe malipo ya kulala.

Aliichukua, akainusa, akaigonga kwa kidole, akaigeuza chini juu.

"Mama," nilisema, "hii imetengenezwa na dada yako."

"Dada yangu ninamujua," alijibu. "Wewe njo sijajua."

Akaigonga tena, akaridhika, akanipa ufunguo.