Funza wa Mwali wa Ndani

Mwanne binti Shomari hakuwa mganga, na aliyemwita mganga alimkasirisha. Kazi yake ilikuwa kutoa funza, basi. Aliianza baada ya mumewe kuchokolewa funza kidoleni kwa mwiba mchafu, akashikwa na pepopunda, akafa baada ya siku tano. Tangu hapo hakuna aliyewahi kuichunguza miguu ya watu wa Maneromango kama yeye. Hata msalimiane njiani, macho yake yalikuwa chini.

Mwaka ule wa mavuno mabaya ya mpunga, Sikudhani alimwita kwa siri. Mpwa wake Mwamini alikuwa mwali, mwezi wa tano sasa yumo ndani, haoni jua wala haonwi na mtu. Harusi yake na Twalibu wa kijiji cha Janga ilikuwa imekaribia. Na sasa alikuwa na funza.

"Mtu aliyefungiwa ndani atapataje funza?" Sikudhani aliuliza kwa uchungu. "Anatoka usiku huyu. Wewe uitazame miguu yake, useme mbele ya kaka yangu. Kama anatoka, nampelekea Twalibu salamu leo leo, atafute mke nyumba nyingine."

Mwamini alikuwa ameketi kwenye mkeka, macho yamevimba kwa kulia. "Shikamoo, bibi," alisema, sauti haisikiki.

"Marahaba, mjukuu wangu. Leta miguu."

Mwanne aliiosha kwa maji na sabuni, akaipeleka kwenye mwanga wa dirisha dogo. Kisha akasahau kwamba kuna watu wanamngoja. Pembeni mwa ukucha palikuwa na kidoa chekundu chenye nukta nyeusi katikati, kinachowasha tu. Funza huyo hakuwa na siku mbili tangu aingie. Chini ya kidole gumba palikuwa na uvimbe mweupe kama punje ya kunde, ile nukta ikichungulia katikati; huyo alikuwa amejaa mayai. Kisiginoni palikuwa na kigaga cheusi, funza aliyekwisha kufa.

Alipitisha sindano motoni, akaiacha ipoe. Hakuchoma uvimbe katikati. Alizungusha ncha taratibu pembeni mwa nukta mpaka tundu likapanuka, akautoa mfuko mzima bila kuupasua. Ukipasuka ndani, alisema, mabaki huoza. Aliutia motoni, ukalia kidogo. Kitundu alikiosha kwa dawa ya zambarau aliyopewa na mfunga vidonda wa zahanati ya misheni. Mwamini hakuguta kwa maumivu hata mara moja.

"Sasa sema," Sikudhani alihimiza.

Lakini Mwanne alikuwa anatazama sakafu. Vumbi lilikuwa jingi mno kwa nyumba ya mtu msafi kama Sikudhani.

"Mbona hamfagii?"

"Nimekataza. Wala maji hayanyunyizwi. Mwezi sasa nimeacha vumbi hapo mlangoni nipate kuona nyayo zake akitoka."

"Umeziona?"

Sikudhani aligeukia mlangoni. Kwa kweli hakuwa ameona hata moja, na hilo lilimkera kuliko yote.

Mwanne aliinuka, akaenda pembe ya chumba walikolazwa mbuzi wawili kwa kuhofia chui. Akashika mguu wa mmoja. Kando ya kwato palikuwa na nukta zile zile, nne zimejipanga. Moyo wake ulifurahi, kwa maana alikuwa amepata jambo.

"Funza hakai mguuni miezi mitano," alisema. "Akishaingia, ndani ya wiki chache amekwisha taga, amekufa. Huyu wa juzi aliingia juzi. Mwali hakumfuata nje. Mbuzi ndio waliowaleta; mayai yanadondoka vumbini humu humu, yanakua humu humu, na wewe umewatandikia kitanda."

"Lakini mimi..."

"Nyosha mguu, Sikudhani."

"Mimi sina kitu."

"Tangu niingie unausugua chini ya kanga."

Kibwana, baba yake Mwamini, alikuwa amesimama mlangoni akisikiliza, mgongo ameugeuza kwa heshima. Sikudhani aliutoa mguu polepole. Unyayo wake ulikuwa na nukta sita.

Mwanne alizihesabu kwa sauti, bila kicheko. "Na wewe ulikuwa unakwenda wapi usiku?"

Sikudhani alitazama mkeka, na machozi yakamtoka, ya aibu kwanza, halafu ya kumhurumia mtoto wa kaka yake aliyemsema kwa mwezi mzima.

"Mbuzi watoke leo, wajengewe ulingo wa kulala huko nje," Mwanne alisema. "Sakafu inyunyizwe maji, ifagiwe kila siku, isiribwe kwa udongo. Mwali alale kitandani. Akitolewa, avae viatu."

Mwamini alichukua ile sindano iliyokuwa kando yake, akampa Mwanne amtibu shangazi. Mwanne aliirudisha mkononi mwake.

"Hii ni yako, mjukuu wangu; kila mtu na sindano yake. Shangazi yako nimemletea nyingine."