Nafasi Mbili za Hali ya Hewa

"Katikati ya hapa na pale, nani aliyesimama?"

Fundi aliniuliza hivyo tukiwa chini ya mlingoti nyuma ya kituo cha afya, kwenye njia ya Chiungutwa.  Nililichukua swali lake kama ujanja wa mtu aliyebanwa.

Kampuni yetu ilikuwa ndogo, na ilikuwa ikipeleka mtandao kwa njia ya redio. Sahani moja ya kurushia mawimbi ilikuwa kwenye mnara ukingoni mwa uwanda wa juu upande wa Newala, nyingine kwenye mlingoti wa kituo kile bondeni, zikitazamana juu ya mikorosho na mashamba ya mihogo. Mimi nilikuwa na digrii na miezi minne kazini. Fundi alikuwa na miaka kumi na tatu kwenye milingoti, na mkataba uliokuwa unakwisha mwezi ule. Ofisini tulimwita kwa jina la binti yake wa kwanza, Baba fulani, kama wanavyoitwa watu wazima wote huku. Nilimwamkia shikamoo kila asubuhi, kisha nikaitumia siku nzima kumbishia.

Ulikuwa mwanzo wa mvua, korosho za mwisho zikiwa bado zinaanikwa. Siku tatu mfululizo, mchana, mtandao wa kituo ulikatika kwa nusu saa hivi, kisha ukarudi. Wagonjwa wakawa wanakaa kwenye benchi na kadi zao za bima ambazo haziwezi kuhakikiwa. Daktari wa kituo akalalamika kwa meneja wetu. Meneja, ambaye alitoka mkoa wa mbali na hakupenda kuitwa na wateja, akataka kujua jambo moja tu: ni mvua au ni uzembe? Ikiwa ni mvua, hakuna wa kulaumiwa. Ikiwa ni kifaa, mwenye kutunza vifaa ni fundi, na mkataba hautaongezwa. Akanituma mimi niandike ripoti, kwa sababu, alisema, mimi sina undugu na mtu.

Ripoti yetu ilikuwa fomu yenye nafasi mbili za hali ya hewa: juu na chini. Walinzi wa pande zote mbili walijaza daftari kila saa, na mimi nilinakili kutoka kwao. Siku ya tatu, iliyokuwa mbaya kuliko zote, mtandao ulianguka saa saba na dakika ishirini mchana. Daftari la bondeni: kavu. Daftari la ukingoni: kavu.

Kwa hiyo tulipokwenda kituoni kesho yake, chini ya jua kali, nilikuwa nimeshaamua.

Fundi hakukasirika. Alifungua kompyuta juu ya tangi la maji akanionyesha kumbukumbu ya redio. Nguvu ya mawimbi ilikuwa imeshuka taratibu kwa dakika kadhaa, kama mtu anayeteremka ngazi, ikakaa chini, kisha ikapanda tena hadi pale pale ilipokuwa asubuhi.

"Kifaa kibovu hakirudi pale pale," alisema. "Maji yakiingia kwenye kiunganishi cha waya, mvua inakwisha wewe bado unaumwa. Siku mbili, tatu, mpaka kikauke. Na kifaa cha kurushia kikichoka, upande mmoja tu ndio unasikia vibaya. Hapa wote wawili wameshuka pamoja. Kuna kitu kimepita kati yao."

"Kitu gani, Baba? Pande zote kavu."

"Mvua."

"Mvua ambayo hakuna aliyeiona?"

Hapo ndipo aliponiuliza nani aliyesimama katikati. Kisha akacheka kidogo. "Msomi, unataka mvua ikupigie simu?"

Chuoni nilikuwa nimefundishwa kwamba mawimbi ya masafa ya juu hudhoofishwa na matone makubwa ya mvua, na kwamba wingu moja zito likikaa popote kwenye njia linatosha. Nilijua hayo vizuri, nilipata alama ya juu kwenye somo hilo. Lakini nilikuwa nimejifunza pia kutoamini maelezo yasiyo na ushahidi, na ushahidi wangu ulikuwa maneno mawili: kavu, kavu. Haikunijia kuuliza daftari lile lilikuwa linashuhudia nini hasa. Mlinzi wa ukingoni aliandika kilichoanguka juu ya kibanda chake. Kutoka pale angeweza kuliona bonde lote, lakini fomu haikuwa na nafasi ya bonde. Namba yake ya simu nilikuwa nayo. Sikumpigia, niliona daftari limeshasema.

Nilivaa mkanda nikapanda mwenyewe. Juu kabisa nikakuta utepe wa mpira uliofunika kiunganishi umepasuka kwa jua, ufa wa urefu wa kidole. Nikaupiga picha. Nikaufungua. Ndani palikuwa pakavu, shaba inang'aa, hapana kutu, hapana hata alama ya maji. Nikafunga na utepe mpya.

Niliposhuka, fundi aliuliza, "Ndani umekuta nini?"

"Ufa."

"Nimeuliza ndani."

"Pakavu," nikasema.

"Basi andika hivyo."

Niliandika kwamba utepe umepasuka, jambo ambalo ni kweli. Niliandika kwamba hali ya hewa ilikuwa kavu pande zote mbili, kama daftari zilivyosema. Kuhusu ndani ya kiunganishi sikuandika, kwa sababu fomu haikuuliza. Picha ya ufa nikaiambatisha. Meneja aliisifu ripoti kuwa fupi.

Mkataba haukuongezwa. Fundi alirudisha mkanda, kofia na funguo za milingoti, akaondoka kwenda Chiwata kwenye mikorosho ya familia yake. Vifaa vya kituo vilibadilishwa vyote, redio, waya na viunganishi, chini ya usimamizi wangu. Wiki mbili baadaye, mchana, mtandao ukaanguka taratibu, ukakaa chini nusu saa, ukapanda tena hadi pale pale. Safari hii mtunza vifaa nilikuwa mimi, na meneja hakumtuma mtu. "Hiyo ni mvua tu," alisema.

Ningeweza kumwambia kwamba daftari za pande zote mbili zilisema kavu tena. Sikusema. Nilijifariji kwamba huenda siku hii ilikuwa mvua na siku ile ulikuwa ufa; mtu mwenye mashaka hupata nafasi ya kujificha popote.

Nilimwona fundi mara moja tu, sokoni Lisekese, akifunga gunia nyuma ya pikipiki. Nikamwamkia.

"Marahaba, msomi," akasema, akaendelea kukaza kamba.

Niliacha ile kazi. Miaka mitatu ikapita. Rafiki yangu wa chuoni akapangiwa kufundisha sekondari moja kule bondeni, katikati kabisa ya mnara wa ukingoni na kituo cha afya, na nilipomtembelea alikuwa ofisini akipanga madaftari ya zamani ya vipindi, yale ambayo mwalimu huandika alichofundisha. Nikaomba la mwaka ule. Nilikuwa naikumbuka tarehe ya ile siku ya tatu.

Kipindi cha nane, kuanzia saa saba na robo mchana, Hisabati, kidato cha pili. Mwalimu ameandika: "Hakikufundishwa. Kelele ya mvua kwenye bati, wanafunzi hawasikii."