Mistari ya Watoto Wawili

Nilikuwa nimechoka kabla kompyuta haijaja, na ilipokuja nikachoka zaidi. Ilikuwa miaka ile ya soko huria, kila mwenye jumba mtaa wetu wa Raskazone akiwaza afungue hoteli au shule. Mwajiri wangu alifungua shule ya sekondari ya bweni. Mimi nilihama serikalini kwa sababu mshahara wa huko ulikuwa hauvuki wiki ya pili, nikaja kwake kufundisha hisabati. Kompyuta ilipoletwa, mtumba kama mitumba mingine, nikakabidhiwa mimi. Eti hesabu na kompyuta ni ndugu.

Mwenye shule alitaka wazazi waone maendeleo ya mtoto muhula hadi muhula kwa grafu, na maoni ya kila somo yajiandike yenyewe. Hilo la pili nilililaki kwa mikono miwili, maana kila kufunga shule tulikuwa tunaandika "aongeze bidii" mpaka vidole vinakufa ganzi. Nikaipangia kompyuta kazi yake. Inachukua alama za muhula huu katika somo, inatoa za muhula uliopita, inatazama tofauti. Ikiwa ni kumi au zaidi, inaandika "Amepanda sana, hongera." Ikiwa ni ndogo kuliko hiyo, "Amepanda kidogo, aendelee." Ikiwa sifuri, "Hakubadilika." Ikiwa alama zimepungua, "Ameshuka, aongeze bidii," na zikipungua kwa kumi au zaidi, "Ameshuka sana, mzazi afuatilie." Sentensi tano kwa shule nzima.

Kilichotokea mtu yeyote angekitabiri. Mtoto aliyetoka tisini na sita akaja tisini na tatu aliambiwa aongeze bidii, na aliyetoka kumi na mbili akafika ishirini na tano akapewa hongera. Nilimweleza mwenye shule kwamba maoni yale yanatazama mtoto alikotoka, hayatazami aliposimama. Akasema alama si zipo pembeni, mzazi ataziona. Sikuwa na nguvu za kubishana.

Grafu nayo ilinitesa. Kwanza niliweka mstari kwa kila somo, na kwa kuwa printa yetu ilijua rangi nyeusi tu, ikatoka sahani ya tambi. Nikaacha mstari mmoja tu, wa wastani wa masomo yote. Nikaingiza alama za zamani kutoka kwenye mafaili, umeme ukikatika naanza upya, hadi kila mwanafunzi wa kidato cha pili akawa na nukta nne: Juni na Novemba za mwaka wa kwanza, Juni na Novemba za mwaka wa pili. Majina ya miezi niliyaandika chini, kutoka kushoto kwenda kulia. Ripoti zikaenda majumbani na likizo ya Desemba.

Januari, kabla ya shule kufunguliwa, alikuja mzazi mmoja kutoka kijiji cha Moa. Alikuwa Mpemba aliyehamia huko zamani, mfanyabiashara wa samaki wakavu, na alikuwa na watoto wawili katika darasa langu: mwanawe wa kumzaa, na mpwa wake, binti wa dada yake aliyefariki Pemba. Watoto aliwaacha barazani. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia, akakaa, akazitoa ripoti mbili zilizokunjwa vizuri.

Alisema amekuja kumwondoa binti shuleni. Ada imepanda, biashara imelala, na mwaka huu anaweza kumsomesha mmoja tu. Hakutaka ulimwengu useme amemtupa yatima akambakiza wake. Kwa hiyo, kabla ripoti hazijafika, aliwakalisha watoto wote wawili mbele ya mkewe na jirani, akatamka kwamba karatasi ya shule ndiyo itakayoamua: anayepanda atabaki, anayeshuka atarudi nyumbani. Zilipofika, kila mtoto alimsomea maoni yake, na kila mmoja akamsomea maneno matamu. Ndipo akaamua kutazama picha, kwa sababu picha haina ulimi.

Niliziangalia zile ripoti nikadhani nimesikia vibaya. Binti yule aliingia kidato cha kwanza akiwa hoi kabisa, Kiingereza hakijui, wastani wake uko chini kwenye ishirini na kitu. Toka hapo alikuwa amepanda, na kupanda tena, mpaka hamsini na kitu. Mstari wake ulikuwa ngazi. Mvulana alianza kwenye sabini akateremka kila muhula, naye akaishia hamsini na kitu. Karibu kila somo lake kompyuta ilikuwa imeandika "Ameshuka."

Nikamwomba anionyeshe alivyousoma. Akaweka kidole kwenye ncha ya kulia ya mstari wa binti, juu kabisa, akakivuta polepole kwenda kushoto, hadi chini.

Hapo nikakumbuka fomu ya kuwaandikisha watoto, saini yake ya herufi za Kiarabu. Mzee yule alisoma chuoni, yaani madrasa, tangu utotoni, akisoma msahafu na kuandika barua zake zote kwa herufi hizo. Kwake karatasi huanzia kulia. Tarakimu zetu alizijua kwa ajili ya biashara, kwa hiyo juu na chini alikuwa sahihi. Miezi niliyoiandika kwa maneno ndiyo hakuweza kuisoma.

Nilimweleza taratibu, nikamwekea kidole mahali pa kuanzia. Aliufuata mstari wa binti, kisha wa mwanawe. Akazikunja ripoti zote mbili. Kisha akaniuliza kama nina hakika, nikasema ninayo, na papo hapo nikaanza kujuta, kwa sababu nilimwona mvulana dirishani, na uso wake ulionyesha kwamba alikuwa anajua siku zote ni yeye aliyeshuka.

Nikajaribu kumwokoa. Nikasema mashine haina akili, inatoa hesabu tu. Nikasema mwishoni watoto hawa wako karibu sawa, na anayeshuka anaweza kuinuka akisaidiwa. Nilisema mengi, nikasikika kama muuza dawa.

"Mwalimu," akasema, "mashine haimjui nani wangu na nani yatima. Ndo maana mie niliikubali. Leo imemgusa wangu, nikiikataa, Mwenyezi Mungu nimwambie nini?"

Akaondoka na mwanawe. Nilikasirika siku nzima, na sikujua namkasirikia nani. Binti alibaki barazani na sanduku alilokuwa amekuja kulichukua bwenini, analia, na wala hakunishukuru. Walikuwa wamelelewa chungu kimoja wale.

Muhula ule binti hakuwa yule niliyemjua. Alikaa peke yake, akala nusu sahani, na nilipomuuliza alisema anamwona mwenziwe akipanga samaki juani kila afumbapo macho, na kwamba mahali alipokaa darasani si pake. Nilimwita mara kadhaa tukazungumza. Sijui kama nilimsaidia. Nilikuwa na madarasa matano na ripoti za shule nzima.

Juni niliingiza alama zake mimi mwenyewe. Kompyuta ikatoa hesabu yake, ikaandika "Ameshuka" somo baada ya somo, na kwa mawili ikaandika "Ameshuka sana, mzazi afuatilie." Ilisema kweli. Sababu haikuwa na pa kuandikwa, nami niliongeza sentensi mbili kwa kalamu, chini ya ukurasa, nikijua wazi kwamba mjomba wake hatazisoma.

Alikuja mwenyewe kuichukua. Hakutaka nimwelekeze. Aliweka kidole kushoto, mahali nilipomfundisha, akaufuata mstari ukipanda, ukipanda, ukipanda, hadi nukta ya mwisho, ulipokatika kwenda chini. Kidole kikabaki pale.

"Haya, mwalimu," akasema kwa upole, "na sasa nimrudishe nani?"