Vikapu vya Kupigwa Pasi

Dukani walimwita Kamusi, na si kwa heshima. Alikaa mapokezi ya hoteli miaka kumi na mmoja, Kihispania akakiokota kwa wageni, na sasa alikuwa mfungaji wa maboksi katika duka la mtandaoni la vikapu. Bosi hakuwahi kumuuliza neno kuhusu lugha hiyo. Bosi alikuwa na kompyuta, na mwenye kompyuta, kwa maoni yake, anajua lugha zote.

Vikapu vyekundu vyenye mistari myeupe vilisukwa na mama mdogo wa Kamusi, kwa ukindu na rangi ya mizizi aliyoichemsha mwenyewe. Ndivyo vilivyoendesha nyumba yake. Jumatatu hiyo vinne vilirudi kutoka kwa wateja wa ng'ambo wanaosema Kihispania, vimekunjamana, wekundu umeingia kwenye weupe.

Bosi akavibwaga mezani mbele ya wasukaji wote. "Mama, rangi zako ni za kubabaisha. Kuanzia leo sipokei kikapu chako."

Mama mdogo, aliyekuwa akichemsha rangi ile tangu bosi hajaota meno, alitazama viganja vyake. Kamusi akapandwa na hasira.

"Bosi, hebu nione ukurasa wa Kihispania."

"Wa nini? Niliuandika mwenyewe, umenyooka."

Akaigeuza kompyuta kwa mbwembwe. Kamusi akausoma kwa Kiswahili, taratibu, kama anayesomea watoto wa chekechea: kikapu cha pamba tupu, kifuliwe kwa mashine kwa maji ya nyuzi thelathini, kisha kipigwe pasi upande wa ndani.

"Pasi?" akauliza msukaji mmoja. Wengine wakaanza kucheka.

Mwaka uliopita bosi aliuza mifuko ya kitambaa. Huyu bingwa wa lugha alinakili maelezo yake, akatoa neno mfuko, akatia kikapu, akaenda zake kula. Wateja wa watu wakafua, kama walivyoambiwa.

"Ni kosa dogo la uchapaji," bosi akasema.

"Sogea," Kamusi akamwambia, akakalia kiti chake. Akaandika upya: ukindu, rangi asilia, kipenyo sentimita thelathini, kimo ishirini na tano, vipimo hupishana kidogo kwa kuwa ni kazi ya mikono. Kipanguswe kwa kitambaa chenye unyevu, kisilowekwe, kisianikwe juani. Kikapu akakiita *cesta* na pia *canasta*, maana wanunuzi wa nchi moja hutafuta kwa neno hili na wa nyingine kwa lile. Bosi alitikisa kichwa kukubali kila mstari, na hakuelewa hata mmoja.

"Basi yameisha," akasema. "Mama, kesho lete vyekundu sita, kuna watu wanavisubiri."

Mama mdogo akavikusanya vile vinne vilivyoharibika, akavikumbatia kifuani.

"Nitaleta, mwanangu. Ukiniomba radhi. Hapa hapa, mbele ya hawa."

Bosi akaitazama kompyuta. Humo hamkuwa na maelezo ya kunakili.