Katoni Namba 118 na Kuku Aliyeatamia

Nilikuwa mtunza stoo wa mfanyabiashara mmoja hapa Kasulu, na kosa langu kubwa katika kazi ile lilikuwa ukarimu wa maboksi.

Kontena la chupa za chai lilipofika kutoka bandarini, nilijitahidi hasa. Kabla ya kukata sili ya mlangoni niliipiga picha, nikaona namba yake haifanani na ile ya kwenye karatasi. Tukahesabu katoni kwa kufuata orodha ya mzigo: mia nne, zote zimo. Ila tisa zilikuwa nyepesi. Tukazifungua mbele ya dereva. Kila moja ilipaswa kuwa na chupa kumi na mbili, tukakuta saba saba. Nikaandika kwenye hati ya kupokelea namba za katoni zile na upungufu wa chupa arobaini na tano, dereva akasaini huku amenuna. Nikajiona mtaalamu! Kisha nikapanga chupa kwenye rafu, na maboksi tisa matupu nikawagawia majirani, maana mjini kwetu boksi zuri halikosi mwombaji.

Kesho yake mkaguzi wa bima, aliyepelekewa madai yetu, akapiga simu kutoka Kigoma.

"Sili peke yake hainitoshi," alisema. "Huenda forodha walikagua wakafunga nyingine. Nakuja kesho kuyaona maboksi yenyewe."

Bosi wangu, mzee wa kanzu safi tunayemwita Haji, akanigeukia. "Yako wapi?"

"Nimeyagawa, Haji."

"Na chupa, nazo umezigawa?"

Iliniuma. Miaka sita nimeshika funguo zake, sijawahi kuchukua hata kifuniko.

Nikazunguka mtaa mzima. Manane niliyakuta hayafai: yamelowa, yamechanwa, moja limekuwa mlango wa banda la sungura. La tisa, namba 118, lilikuwa zima jikoni kwa mama mmoja mjane, na ndani yake kuku ameatamia mayai kumi na manne.

"Mwakeye, mama," nikamwamkia yule mjane kwa Kiha, mkaguzi alipokwisha kufika. "Tunaomba kumtoa kuku."

"Hatoki," akasema mama. "Mayai yakipoa, mtaatamia ninyi?"

Juu boksi halikuwa na kasoro, kwa hiyo ushahidi kama upo ulikuwa chini. Ikabidi mimi na Haji tuliinue, kuku akiwa ndani anatutukana, na mkaguzi alale chali sakafuni na tochi yake.

"Utepe wa kahawia juu ya utepe wa kiwandani!" akaita kutoka chini. "Na hapa pamekatwa kwa kisu. Msitikise!"

Alipiga picha nyingi mno. Kisha, akiwa bado chali, akaomba hati yangu, akaisoma. "Aliyeandika hii anaijua kazi," akasema. "Mmeibiwa njiani."

Kuku akaunyea mkono wa kanzu ya Haji. Mwenyewe hakuutazama. Alikuwa ananitazama mimi juu ya boksi.

"Nisamehe, mwanangu," akasema. "Nilikukosea."

 Machozi yakanitoka, na mikono yangu yote miwili ilikuwa chini ya kuku.