Aya ya Ndoo

Ijumaa, saa tisa na dakika kumi alasiri, madam wa Kiswahili alinikabidhi risala ya mahafali ya kidato cha nne. Kurasa tatu, mbele ya mgeni rasmi, Alhamisi inayofuata. Darasa likaangua kicheko. Mwaka jana kwenye mdahalo mikono ilinitetemeka hadi karatasi ikasikika kwenye maiki, na tangu hapo nikabandikwa jina la Karatasi.

"Karatasi atasoma karatasi!" alisema jirani yangu wa dawati, msichana wa bweni.

"Sisomi," nikasema chini chini. "Nitaiweka kichwani."

Madam alisikia. Akanibakisha. "Usiikariri kama wimbo, ukikosa neno moja yote inamwagika. Ikate." Tukaikata vipande saba, kila kimoja wazo moja, sentensi tatu au nne. Kisha akaniambia nichague njia ninayoijua hata nikifumba macho, na kila kipande nikiweke mahali pake kwa picha ya ajabu.

Nikachagua njia ya kutoka nyumbani kushuka shule. Mlangoni nilimkalisha mgeni rasmi juu ya kinu, tunamsalimu. Kwenye mpeasi wa bibi, waanzilishi wa shule wananing'inia kama matunda. Darajani, kuku wenye sare wanagombania vyeti: matokeo ya mitihani. Kwenye ngazi za kanisa, wasichana wanashuka na ndoo, maji yanamwagika hadi ngazi zinakuwa mto: bweni halina maji, wanayafuata bondeni alfajiri, wanakosa kipindi cha kwanza. Mashine ya kusaga, duka, geti la shule: maombi, shukrani, kuaga.

Asubuhi niliisema nikishuka. Jioni nikipanda nilianzia getini kurudi nyuma. Darajani nilikwama kila mara, mpaka nilipowavisha kuku tai.

Jumatano makamu mkuu wa shule aliipitia risala, akaikata aya ya maji kwa kalamu nyekundu.

"Mgeni rasmi hatukumwita aje kusikia habari za ndoo. Ruka hapo."

"Ndiyo, mwalimu."

Alhamisi nilisimama mikono mitupu. Mlango, mpeasi, daraja. Nikafika kanisani. Sitadanganya kwamba ulimi uliteleza. Mashine ya kusaga nilikuwa naiona kabisa, hatua chache mbele. Ila wasichana walikuwa wanashuka, na wa kwanza alikuwa jirani yangu, sweta limelowa kama anavyoingia nalo darasani kila siku. Nikasimama pale, nikaisema aya yote. Makamu akakohoa. Mgeni rasmi akaandika kitu. Nikaendelea hadi getini.

"We Karatasi," jirani yangu alininong'oneza nilipokaa, "umewapasulia!"

Kesho yake asubuhi makamu aliniita mbele ya paredi.

"Omba radhi."

"Shikamoo, mwalimu. Naomba radhi kwamba juzi nilikujibu ndiyo. Kwa ile aya, siombi."

Akanipa wiki nzima ya kufagia uwanja. Nikaenda kuchukua fagio, nikaanza palepale, shule nzima ikinitazama.